Paa Linapovuja Dukani: Namna ya Kumwandikia Mwenye Nyumba

Ukurasa huu tumeuweka kwa ajili ya mama wenye maduka, wenye kushona, kusuka, kupika na kuuza katika vyumba vya kukodi. Wengi wao, mabati yakivuja au ukuta ukipasuka, humpigia simu mwenye nyumba, wakaambiwa "nitatuma fundi", na fundi asionekane mpaka masika yakapita. Mwaka wa pili yakaja yale yale. Simu haiachi alama. Likifika mbele ya wazee au ya baraza, huyu husema nilikwambia, na yule husema hukuniambia.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama ana duka la leso na cherehani mbili huko Chala, upande wa Taveta, katika safu ya vyumba vinne chini ya paa moja. Hana mkataba wa maandishi. Kodi huilipa kwa simu kila tarehe 5, na mwenye nyumba anaishi Mombasa. Mvua ya kwanza ya Aprili ikamwagika juu ya rafu.

Kabla ya kushika kalamu, mama huyu inampasa ajue maji yaingilia wapi, kwa kuwa jawabu la kwanza la mwenye nyumba huwa ni hilo. Mabati ya vyumba vya safu huvuja zaidi mahali pawili: kwenye misumari, raba yake inapokauka kwa jua na kupasuka, na pale mabati yanapokutana na ukuta wa chumba cha jirani, saruji ikiachana. Tone la msumari huacha doa la mviringo chini yake. Maji ya maungio hushuka ukutani kwa michirizi mirefu. Lakini kama mpangaji mwenyewe alitoboa bati ili afunge kibao cha duka au waya wa antena, na doa liko hapo hapo, basi asimwandikie mtu. Azibe tundu lake.

Kwa mama wetu michirizi ilikuwa ukutani, upande wa jirani. Hapo sheria iko naye. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inasema kwamba iwapo kilichokodishwa ni sehemu tu ya jengo, ni juu ya mwenye jengo kutunza paa, kuta kuu na za nje, na mifereji mikuu, isipokuwa mkataba umesema vingine. Chumba kimoja katika safu ya vinne ni sehemu ya jengo. Aliyekodi jengo zima hali yake ni nyingine, naye atazame kwanza mkataba wake. Hata wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, wameweka ukarabati wa nyumba ya kukodi kwa mkodishaji. Asipoharakisha kuitengeneza, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Tofauti ni kwamba mama wetu hataki kuondoka. Wateja wake wako hapo.

Sasa picha. Nyingi tunazoonyeshwa hazisaidii, kwa sababu ni doa tupu ambalo laweza kuwa la ukuta wowote duniani. Piga ya kwanza ukiwa mlangoni, duka lionekane lote na mahali panapovuja paonekane ndani yake. Ya pili isogee, na ya tatu iwe karibu kabisa, ukiweka rula au sarafu kando ya ufa ili ukubwa ujulikane. Mvua ikiwa inanyesha, chukua video fupi ya maji yakishuka. Rudia kila linapovuja, ukisimama mahali pale pale, ndipo itaonekana kwamba doa linakua. Picha za asili zisifutwe kwenye simu, kwa kuwa zimebeba ndani yake tarehe na saa. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa na kupoteza habari hizo. Chapisha chache dukani kwa fotokopi, uandike nyuma ya kila moja tarehe na mahali, na uipe nambari.

Tarehe nazo ziandikwe katika daftari siku ile ile, si kwa kukumbuka baada ya mwezi. Mstari mmoja watosha: siku, saa, maji yalipoingia, kilichoharibika, na nani aliambiwa.

Barua yenyewe ni fupi. Ya mama wetu yaweza kuwa hivi:

Chala, Jumanne, 22 Aprili 2025.

Kwa mwenye jengo, Mzee (jina lake), Mombasa. Nakala kwa wakala wake, Taveta.

Kuhusu: Paa linalovuja, chumba nambari 3.

Assalaamu alaykum. Baada ya salamu, mimi ni mpangaji wako katika chumba nambari 3, ninachokitumia kwa duka la leso na ushonaji. Kodi yangu imelipwa hadi mwisho wa mwezi huu.

Siku ya Alhamisi, 10 Aprili, maji ya mvua yaliingia kwenye maungio ya mabati na ukuta unaotenga chumba changu na nambari 4. Nilikujulisha kwa simu siku iliyofuata. Yaliingia tena Jumatano, 16 Aprili, na Jumapili, 20 Aprili. Picha nambari 1 hadi 6 zinaonyesha mahali hapo kwa siku hizo tatu. Tangu tarehe 16 nimelazimika kuzima cherehani ya umeme mvua inaponyesha, kwani soketi iko chini ya michirizi.

Nakuomba mambo mawili. Kwanza, maungio hayo yafunikwe kwa muda kufikia Jumamosi, 26 Aprili, ili maji yasifike kwenye umeme. Pili, paa litengenezwe kikamilifu kufikia Jumanne, 6 Mei 2025. Nitamfungulia fundi siku yoyote kuanzia saa mbili asubuhi, nikijulishwa siku moja kabla. Naambatisha makisio ya fundi aliyepanda kulitazama.

Ikiwa tarehe hizo hazikufai, tafadhali niandikie tarehe nyingine kabla ya 26 Aprili. Nisipopata jawabu, nitalipeleka jambo hili kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara.

Wako, (sahihi, jina, nambari ya simu).

Tazama kwamba barua haikumtukana mtu, wala haikutaja leso zilizoharibika. Hilo ni kwa makusudi. Madai ya fidia yakichanganywa na ombi la ukarabati, mwenye nyumba hujibu bei ya leso na kulinyamazia paa. Hasara iandikwe daftarini na risiti zihifadhiwe; itakuwa na barua yake.

Muda ndio unaowatatiza wengi. "Haraka iwezekanavyo" si muda, kwa maana haina siku ambayo mtu atasemwa amechelewa. Siku mbili kwa paa zima nazo ni chache mno, na msomaji wa tatu ataona mpangaji anatafuta ugomvi. Pima kazi yenyewe: mwenye nyumba yuko mbali, atafute fundi, mabati yanunuliwe Taveta au Voi, na zipatikane siku kavu za kupanda juu. Wiki mbili zatosha, hata masika. Lakini maji yaliyo karibu na umeme hayangoji wiki mbili, ndiyo maana tarehe zimekuwa mbili. Ufa mdogo wa saruji usiopitisha maji waweza kupewa mwezi mzima.

Barua itolewe nakala mbili. Moja apewe wakala, na ya pili aitie sahihi na tarehe ya kuipokea, nayo irudi kwako. Akikataa kutia sahihi, msigombane. Itume kwa rejista ya posta uihifadhi risiti, kisha umpelekee mwenye nyumba picha ya barua kwa simu.

Khofu kubwa ya wanawake wengi ni kwamba wakiandika watafukuzwa. Kwa duka, mambo hayako hivyo. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301, inamlinda mpangaji ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Mshonaji na msusi wamo, maana duka kwa sheria hiyo ni pamoja na mahali pa kutoa huduma kwa malipo. Huyo hatolewi kwa neno la mdomo wala kwa kufuli jipya. Ni lazima apewe taarifa kwa fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, yenye sababu zinazokubaliwa na sheria, naye ana haki ya kuipinga mbele ya Baraza kabla tarehe yake haijafika. Tusifiche pia kwamba kutaka kulivunja jengo na kulijenga upya ni moja ya sababu hizo. Paa likiwa limeoza lote, mpangaji alitafakari hilo kabla ya kudai paa jipya.

Sababu nyingine ni kodi, na hapa ndipo wenye haki huipoteza. Mtu hukasirika akasema silipi mpaka paa litengenezwe. Ikipita miezi miwili ya deni, au ikiwa desturi yake ni kuchelewesha, amempa mwenye nyumba sababu ambayo hakuwa nayo. Vivyo hivyo kumwita fundi na kukata gharama kwenye kodi kwa uamuzi wako. Kukata kwaruhusika kwa njia mbili: mwenye nyumba akikubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu wenye kiasi na mwezi, au Baraza likiamuru. Baraza lina uwezo wa kuamuru matengenezo yafanywe kwa gharama ya mwenye jengo, na laweza kumruhusu mpangaji ayafanye mwenyewe na kuzikata gharama kwenye kodi. Kwa hiyo mama wetu atalipa tarehe 5 Mei kama kawaida, siku moja kabla ya muda wake kwisha, na kuhifadhi ujumbe wa malipo.

Tuseme Jumatano, 7 Mei, imefika na bati halijaguswa. Hapo bahasha yake ina nakala ya barua yenye sahihi ya wakala, picha sita zenye nambari, daftari, makisio ya fundi na orodha ya malipo ya kodi. Kwa hivyo vitu vitano anaweza kufungua malalamiko yake mbele ya Baraza. Simu iliyopiga picha asiiuze wala asiifute, kwani huenda akatakiwa kutoa hati yenye sahihi yake, inayoeleza kwamba picha zilitoka katika simu hiyo na nani alizipiga. Na fundi akitokea tarehe 8, amfungulie mlango, kisha apige picha nyingine kutoka pale pale aliposimama mara ya kwanza.