Mtoto akilala, nyumba nzima inyamaze?

Katika nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, mtoto wa miezi minne akishalala mchana, kila kitu husimama. Runinga inazimwa, dada wa kazi anavua kandambili, watoto wakubwa wanapelekwa kucheza kwa jirani. Hata hivyo bodaboda ikipita karibu na dirisha, mtoto anashtuka, mikono juu, analia.

Mama mkwe alipofika kutoka Muheza aliuliza, "Mwanangu, hapa kuna msiba?" Akaketi uani kukuna nazi, redio ikiendelea, akisema mtoto anayezoeshwa kimya hatalala popote penye watu.

Bibi ana hoja, ila haijakamilika. Sauti inayoendelea bila kubadilika, kama ya feni au mazungumzo ya mbali, ubongo wa mtoto huizoea na kuacha kuishughulikia. Kinachoamsha ni mabadiliko ya ghafla. Kwenye chumba kimya kabisa, hata kijiko kikianguka kinasikika kama tukio. Feni ikivuma, kijiko hichohicho hupotea ndani yake. Kwa hiyo kimya hakimharibii mtoto usingizi wa maisha yake yote. Kinazipa tu kelele ndogo nafasi ya kusikika.

Mama yule akaanza kuandika muda. Kwa siku nne mtoto aliamka mara 12, na mara 7 kati ya hizo ilikuwa kati ya dakika ya 40 na ya 50, bila kelele yoyote. Hapo ndipo jibu lilipojificha. Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtoto mchanga huchukua takriban muda huo, na mwisho wake usingizi huwa mwepesi. Mtoto asiyeweza kujirudisha usingizini ataamka hata kama mtaa mzima umenyamaza. (Dada wa kazi alikuwa amelaumiwa bure.)

Zile 5 zilizobaki ndizo za kelele. Feni ikawashwa kabla mtoto hajalala, kwa sababu ikiwashwa baadaye nayo inakuwa mshtuko. Redio ilibaki sebuleni, chini, kiasi kwamba aliye chumbani kwa mtoto anaongea bila kupaza sauti. Mlango wa chuma uliokuwa ukijibamiza ukafungwa kitambaa. Watoto wakarudi nyumbani, wakikatazwa kupiga kelele za ghafla tu.

Baada ya wiki mbili, vijiko na kandambili havikumwamsha tena. Bodaboda bado mara mojamoja. Kuamka kwa dakika 45 kuliendelea, kwani hakukuhusu kelele, na watoto wengine kwa asili ni wepesi kuamka kuliko wenzao.

Kuna jambo moja ambalo si la kusifia: mtoto asiyeshtuka hata mlango ukibamizwa akiwa macho. Huyo apelekwe kliniki akapimwe masikio.