Kabla ya kuuliza "ngapi kwa mwezi?", uliza bei jumla

Swali la kwanza la mteja wa lipa mdogo mdogo huwa ni, "Kwa mwezi nalipa ngapi?" Sisi tunaona hilo lifaa kuwa swali la mwisho. Kwenye murabaha unanunua bidhaa, hukopi pesa, na bidhaa yoyote ina bei yake.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la maziwa pale Munyaka anayetaka friji. Dukani mjini Eldoret friji hiyo ni KSh 48,000. Anatanguliza KSh 8,000, inabaki KSh 40,000. Mfadhili anainunua kwanza iwe mali yake, kisha anamuuzia akimwambia wazi imegharimu ngapi na faida yake ni ngapi. Tuseme faida ni asilimia 15 ya zile 40,000, yaani KSh 6,000. Deni ni KSh 46,000. Gawanya kwa miezi 10, kila mwezi ni KSh 4,600. Ukijumlisha na kitangulizi, friji imemgharimu KSh 54,000.

Hapo ndipo wengi huteleza. Wanasikia asilimia 15 hapa, na kwingine mkopo wa asilimia 2 kwa mwezi, halafu wanadhani miezi 10 ni asilimia 20, kwa hivyo murabaha ni rahisi. Sivyo. Ikiwa riba ya mkopo huo inahesabiwa kwa salio linalopungua, KSh 40,000 zitalipwa karibu KSh 4,453 kwa mwezi, jumla kama KSh 44,530. Faida ya murabaha huhesabiwa mara moja kwa kiasi chote, kwa hivyo linganisha shilingi kwa shilingi, pamoja na ada zote, wala si asilimia kwa asilimia.

Basi mteja anapata nini? Anapata bei isiyopanda. Mwezi wa saba mauzo yakilala na achelewe, deni la friji linabaki lile lile. Mfadhili anaweza kutoza faini ya kuchelewa, lakini kwa kawaida faini hiyo huenda kwa sadaka, haiwi faida yake. Upande wa pili, ukimaliza mapema usitegemee punguzo: mfadhili anaweza kukupa, ila si haki yako moja kwa moja. Uliza kabla ya kutia sahihi.

Na angalia mpangilio. Ukitia sahihi ya kununua friji ambayo mfadhili bado hajainunua, au pesa zikiingia kwa simu yako uzitumie upendavyo, huo ni mkopo uliopewa jina la murabaha. Friji inunuliwe kwanza, uuziwe baadaye, na mkataba uonyeshe gharama, faida na jumla. Ukikosa moja kati ya hizo tatu, usitume hata kitangulizi.