Pesa imefika, mbona mama bado analia?

Mfikirie baba anayechimba dhahabu Biharamulo, mkewe amejifungua Ngara. Kila Jumamosi anatuma pesa kwa simu. Kwake huko ndiko kupenda. Mkewe anasoma ujumbe wa muamala, kisha anasubiri kuulizwa, "Umelalaje? Mtoto ananyonya?" Simu haipigwi. Baba naye haambiwi hata asante, anajiona mtumwa wa familia. Hakuna aliyemtukana mwenzake, lakini wote wameumia.

Maumivu haya hayaonekani kwenye vipimo. Mama atalalamika kichwa au kukosa usingizi, baba atanyamaza. Kwa maoni yangu, kosa ni kumpa mwenzako kile ambacho wewe ungependa kupewa. Muulize: "Wiki hii nifanye nini ujue nakujali?" Jibu liwe tendo moja dogo, mfano dakika 10 za maongezi kila usiku. Naye mama aseme, "Pesa imefika, asante."

Lakini huzuni ikizidi wiki 2 baada ya kujifungua, usiidhani ni deko. Nendeni kituo cha afya. Akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nendeni siku hiyohiyo.