Karatasi ya trasti kutoka Uingereza: ni amana, wakfu au hiba?



Ndugu zetu wengi wanaishi Uingereza, na baadhi yao wanapopata mali huiandikia kwa wakili wa huko hati inayoitwa trasti. Hati ikifika Unguja au Pemba hutafsiriwa ili familia iielewe, na hapo ndipo neno moja linaweza kuhamisha nyumba kutoka kwa mtu hadi kwa mtu mwingine.

Tuchukue mfano. Baba ana nyumba Uingereza. Akiwa mzima wa afya, anaiandikisha kwa jina la mdogo wake, na hati inasema kuwa nyumba ni kwa manufaa ya watoto wawili wa baba huyo hadi wafike miaka 21, kisha wakabidhiwe. Baada ya miaka mitatu baba anafariki. Ameacha mke, wazazi, na watoto wengine kwa mke wa zamani. Je, nyumba inaingia kwenye mirathi?

Mfasiri akiandika "amana", jibu linakuwa ndiyo. Katika fiqhi, mali iliyowekwa amana haimtoki mwenyewe. Anaweza kuidai siku yoyote, na akifa inarudi kwa warithi wake. Kwa hiyo wale watoto wengine watasema, na kwa haki kabisa kwa mujibu wa karatasi iliyo mbele yao, kuwa ami alikuwa mtunzaji tu na nyumba ni ya marehemu.

Lakini hati ya Kiingereza haikusema hivyo. Sheria ya Uingereza huugawa umiliki wa kitu kimoja mara mbili: jina na madaraka ya kusimamia ni ya mmoja, manufaa ni ya mwingine. Aliyetoa, kama hakujiwekea haki ya kurudisha, mali imeshamtoka. Mgawanyo huu haumo katika amana.

Akiandika "wakfu", anakosea upande mwingine. Wakfu, kwa kauli mashuhuri ya Mashafii, umiliki wake ni wa Mwenyezi Mungu. Hauuzwi, haurithiwi, wala hauna siku ya kumalizika. Nyumba hii ina siku ya kukabidhiwa. Akiandika "hiba", atawafanya watoto wamiliki kamili leo, na kadhi atauliza nani aliwapokelea na lini. "Mdhamini" nalo tumelizoea kwenye bodi za misikiti, lakini mtaani mdhamini ni mtu anayelipa deni la mwenzake.

Kosa hili halikuanza kwetu. Mwaka 1894, katika kesi ya Abul Fata iliyotoka Bengali, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Kiingereza, iliyokaa London, iliupima wakfu wa familia kwa kipimo cha trasti ya sadaka. Ikaona manufaa yanakwenda kwa kizazi cha mtoaji, na fungu la masikini liko mbali mno, ikaubatilisha. Hali ardhi ya Sayyidna Umar kule Khaybar jamaa zake walikuwamo pamoja na masikini na wasafiri. Bara Hindi ilibidi itungwe sheria mwaka 1913 kurekebisha hukumu hiyo, na hata hivyo mahakama za Afrika Mashariki ziliendelea kuifuata hadi miaka ya 1950. Waliotafsiri wakfu kuwa trasti walidhani wamepata neno, kumbe wameleta na sharti zake.

Basi nini kifanyike? Liacheni neno kama lilivyo, "trasti", kisha chini yake mfasiri aeleze kwa maneno ya kawaida mambo manne yaliyomo ndani ya hati: jina la nani limeandikwa, manufaa ni ya nani, mtoaji anaweza kurudisha au hawezi, na mali itamalizikia kwa nani, lini. Kadhi akiwa na majibu hayo anaweza kuhukumu kwa sharia bila kudanganywa na neno. Akiwa na "amana" pekee, atahukumu jambo ambalo marehemu hakulifanya.

Kuna jambo moja zaidi la kuangaliwa: tarehe ya kuanza kazi. Ikiwa hati inaanza baada ya kifo cha mtoaji, basi hata iitwe trasti, kwetu inapimwa kama wasia. Haizidi theluthi, na haimpi mrithi kitu ila warithi wenziwe waridhie. Watoto wale wawili ni warithi, hivyo mstari huo mmoja wa tarehe unaweza kubadilisha kila kitu.

Mwenye hati kama hii nyumbani asisubiri msiba. Aitoe sasa, mtoaji angali hai wa kuulizwa alikusudia nini, na jibu lake liandikwe mbele ya mashahidi.

Wallahu aalam.