Asilimia 5 haijakuibia kazi, buda

Kila majina ya walioitwa intavyu yakitoka, hapa Voi lazima kuna msee steji atasema ati nafasi za walemavu ndizo zinatumalizia kazi, ati waajiri kwa sifa tu. Mimi pia nilikuwa msee huyo. Niliacha chuo, nikatuma maombi, sikuitwa, na ilikuwa rahisi kumlaumu mtu wa mkongojo.

Halafu nikasoma Kifungu cha 232 cha Katiba. Kinasema ajira ya serikali iwe kwa ushindani wa haki na sifa, sawa. Lakini hapo hapo kinaiweka hiyo sifa chini ya masharti mawili: jamii zote ziwakilishwe, na wanawake, wanaume, makabila yote na watu wenye ulemavu wapate nafasi ya kutosha. Wanaonukuu ile nusu ya kwanza huwa wameruka hii ya pili.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kaunti inataka makarani 40 na alama ya kupita ni 60. Asilimia 5 ya 40 ni watu 2. Dada wa kiti cha magurudumu amepata 71, ni wa 43. Aliye namba 40 ana 72. Dada akichukuliwa, hajapewa sadaka, amepita. Hiyo alama moja inaweza kuwa ni paneli tu ilikuwa na njaa saa saba. Wanaoumia ni wa 39 na wa 40. Wewe uliyekuwa wa 60 ungekosa tu, hata bila yeye.

Angekuwa amepata 45? Hapo nakubaliana na wewe, asichukuliwe, nafasi itangazwe tena.

Kile kinaniudhi ni ujanja wa kugawanya. Ofisi ikitangaza nafasi 8 tu, asilimia 5 ni 0.4, wanasema haifiki mtu mmoja. Wakirudia mara tano, wameajiri watu 40 na mwenye ulemavu hata mmoja hayupo, na kila tangazo lilimalizia kwa "watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi". Dawa ni kuhesabu wafanyakazi wote walio kwenye malipo, si tangazo moja moja. Na sheria ya 2025 imewagusa hadi waajiri wa kibinafsi wenye wafanyakazi 20 na zaidi, kwa hiyo hata hoteli za barabara ya Mombasa zisijifanye hazihusiki.

Rafiki yangu ana kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, alipimwa hospitalini akaipata kihalali. Aliitwa intavyu kwa ofisi fulani. Ghorofa ya pili, lifti hakuna. Vijana wawili wakambeba hadi juu, akaingia amelowa jasho, na swali la kwanza likawa, "Utaweza kweli hii kazi?"

Halafu mnaniambia alama zake zilikuwa za sifa tu.