Barua ya Marekebisho Makubwa Iseme Kinachotakiwa

Mhadhiri kijana wa hapa Moshi akipokea barua ya uamuzi yenye maneno "marekebisho makubwa", jambo la kwanza analotaka kujua ni kama jarida bado linaitaka makala yake au linamfukuza kwa adabu. Mara nyingi barua haimjibu. Humwambia kwamba wahakiki wameibua hoja nzito kuhusu mbinu za utafiti, kwamba azizingatie zote, na kwamba kurudisha mswada si ahadi ya kuchapishwa. Chini yake hubandikwa maoni ya wahakiki kama yalivyokuja, sharti na pendekezo yakiwa yamechanganyika, na pengine mhakiki mmoja akimpinga mwenzake.

Matokeo yake tunayajua. Mwandishi husahihisha tahajia, huongeza marejeo, hupanga upya majedwali, kwa sababu hayo ndiyo anayoyaelewa. Lile kubwa hulipitia juu juu. Mswada hurudi, wahakiki huukataa, na kila upande huona umepotezewa muda. Wengine hawarudi kabisa.

Kuanzia toleo hili, meza yetu itaandika barua hizo kwa namna nyingine. Nitaeleza kwa mfano ambao nimeutunga ili asitambulike mtu, ila kasoro zake ni za kweli kwa yeyote anayefanya utafiti kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Tuseme waandishi wamepima mavuno ya kahawa katika vihamba 80. Nusu yake vina kivuli cha miruka na miringaringa, nusu havina. Vyenye kivuli vimetoa kahawa nyingi zaidi, nao wanahitimisha kuwa kivuli huongeza mavuno. Mhakiki wa kwanza anaandika, "Mbinu ni dhaifu, zinahitajika takwimu za msimu wa pili." Wa pili anaandika, "Sampuli inatosha, lakini mwinuko haukuangaliwa, na vipimo vya Jedwali la 3 vina utata."

Mhariri akiyapeleka maoni hayo kama yalivyo, hajaamua lolote. Kazi yake ni kuusoma mswada mwenyewe na kujua tatizo liko wapi. Hapa liko kwenye mwinuko. Sehemu kubwa ya vihamba vyenye kivuli iko juu, na sehemu kubwa ya visivyo na kivuli iko chini. Ukipanda mlima huu mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi, na katika ukanda wa kahawa mvua nayo huongezeka kadiri unavyopanda. Basi tofauti ya mavuno inaweza kuwa ya mti, ya baridi au ya mvua, na takwimu zilivyopangwa haziwezi kutenganisha. Msimu wa pili hautaliponya hilo, kwa kuwa vihamba vitabaki pale pale vilipo.

Barua iliyoandikwa upya ingesema hivi:

"Ndugu Waandishi,

Tunaomba marekebisho makubwa. Maana yake ni kwamba tunataka kuisoma tena kazi hii, na tunaamini mambo matatu yaliyo hapa chini yanawezekana kwa takwimu mlizo nazo. Vihamba 80 vilivyopimwa kimoja kimoja, pamoja na orodha ya miti ya kila kihamba, ni hazina ambayo mtafiti mwingine ataihitaji. Hitimisho la sasa ndilo lisilobebwa na takwimu hizo.

Sharti la 1: mwinuko. Sehemu kubwa ya vihamba vyenye kivuli iko juu na ya visivyo na kivuli iko chini, hivyo tofauti ya mavuno inaweza kuwa ya mwinuko wala si ya kivuli. Ongezeni kwenye Jedwali la 2 mwinuko wa kila kihamba. Usomeni kwenye ramani kwa kutumia viwianishi, maana kipimo cha mwinuko cha simu huweza kupotoka makumi ya mita. Kama viko vihamba vya aina zote mbili kwenye mwinuko mmoja, linganisheni hivyo peke yake, kwa madaraja ya mita 100. Kama havipo, ondoeni hitimisho kuhusu kivuli na muiandike makala kuwa maelezo ya mavuno na miti katika kanda mbili za mlima. Njia zote mbili tunazikubali.

Sharti la 2: vipimo. Katika Jedwali la 3 baadhi ya wakulima wametaja kilo za kahawa mbivu na wengine kilo za maganda. Takriban kilo 5 za mbivu hutoa kilo 1 ya maganda, kwa hiyo mchanganyiko huu peke yake unaweza kuzaa tofauti mnayoripoti. Badilisheni zote ziwe za maganda, mseme mmetumia uwiano gani, na muondoe kihamba ambacho kipimo chake hakijulikani.

Sharti la 3: msimu. Mhakiki wa kwanza ameomba msimu wa pili. Hatuutaki. Lakini mkahawa uliozaa sana mwaka huu huweza kuzaa kidogo mwaka ujao, hivyo ikisiri na hitimisho ziseme wazi kuwa matokeo ni ya msimu mmoja.

Maoni mengine ya wahakiki ni mapendekezo. Mkiyaacha, toeni sababu kwa sentensi moja. Mrudishe ndani ya miezi mitatu pamoja na jedwali linaloonyesha kila sharti, mlichofanya na ukurasa. Mswada utarudi kwa mhakiki wa pili tu, naye ataulizwa kuhusu masharti haya matatu."

Kila sharti katika barua hiyo lina sehemu tatu: kasoro iko wapi, kifanyike nini, na mhariri atajuaje kuwa kimefanyika. Sehemu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayompima mhariri. Akishindwa kuandika ni kitu gani kitamridhisha, bado hajafikia uamuzi, na barua isiondoke mezani. Na akiona kinachotakiwa hakiwezi kupatikana bila kuanza utafiti upya, jibu la haki ni kuukataa mswada leo, si kumzungusha mtu mwaka mzima.

Tazama pia kinachompa mwandishi moyo humo. Barua inataja kwa jina kitu chema kilichomo kwenye kazi yake, kisha inamwonyesha kuwa hata vihamba vikikosa kulingana kwa mwinuko bado ana makala. Sifa ya jumla, kama "mada yenu ni muhimu sana", haimsaidii, kwa kuwa inaweza kubandikwa kwenye mswada wowote. Wala barua haijamficha ukubwa wa kazi: huenda akapoteza hitimisho alilolipenda kuliko yote.

Ipo hofu kwamba mhariri anayechagua kati ya wahakiki anawavunjia heshima. Sioni hivyo. Mhakiki hushauri, mhariri huamua, na aliyeshauri anastahili kuelezwa kwa nini ushauri wake haukufuatwa. Nakala ya barua itakwenda kwa wahakiki wote wawili.

Kwa hiyo ninawaomba wahakiki wetu watenganishe wenyewe, katika ripoti zao, yaliyo lazima na yaliyo hiari, na kwa kila la lazima wataje ukurasa au jedwali. Nanyi waandishi, mkipata kutoka kwetu barua ya marekebisho makubwa isiyosema nini kifanyike na kitapimwa vipi, turudishieni kabla hamjaanza kazi. Tutaiandika upya, na muda wenu utahesabiwa kuanzia siku mtakayoipokea barua ya pili.

Mhariri
Moshi