Redio iliyonyamaza bila mtu kukimbia: ujumbe wa tahadhari ulikuja ukiwa umechelewa

Jumatatu moja asubuhi, simu ya redio moja ya jamii pembeni ya mji wa Goma ilianza kulia mapema. Mama mmoja mhami, aliyepangisha chumba na watoto wake kartye ya jirani, aliuliza swali moja tu: «Ndugu zetu, mmekimbia?» Kabla ya saa sita mchana watu wengine walikuwa wameuliza jambo lile lile. Hakuna aliyekuwa amekimbia. Ila ukurasa wa redio kwenye Facebook, ambao kila siku hutoa tangazo moja saa kumi na mbili asubuhi na lingine saa kumi na mbili jioni, ulikuwa mtupu.

Wanaoishi mbali na vita wanaweza kuona hilo kuwa jambo dogo. Kivu ya Kaskazini ni tofauti. Mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, umeme ulikatika, intaneti ikakatika, na familia nyingi zilijifunza kusoma ukimya kama habari. Redio ikinyamaza, watu wanaanza kufunga mizigo.

Chanzo cha ukimya huu hakikuwa bunduki. Matangazo ya ukurasa huo hayaandikwi siku yanapotoka. Yanatayarishwa mapema, yanawekwa kwenye mstari wa kusubiri, kisha programu inayatoa moja moja kwa saa iliyopangwa. Redio ilikuwa imejaza matangazo 20, yaani siku 10. Programu ina kengele yake: mstari ukipungua chini ya kiasi fulani, inamtumia mwenye kazi ujumbe ajaze siku zinazokuja. Kengele hiyo ilipangwa ilie matangazo yakipungua chini ya 5.

Na kweli ililia. Ijumaa jioni, baada ya tangazo la siku hiyo kutoka, yalibaki 4: mawili ya Jumamosi na mawili ya Jumapili. Ujumbe ulikwenda kwenye barua pepe ya mhariri peke yake, na mhariri alikuwa ndani ya boti akielekea Bukavu kwenye kilio cha familia. Aliusoma Jumatatu, mstari ukiwa umekwisha.

Wengi pale redioni walimlaumu mhariri. Lawama hiyo haina haki. Hata angeusoma ujumbe dakika ile ile, asingewahi, na hesabu inaonyesha hivyo.

Tangazo moja la afya redioni hapo huchukua karibu siku nne mpaka liwe tayari. Muuguzi anatoa maelezo kwa Kifaransa, mtu anayatafsiri kwa Kiswahili, muuguzi anasoma tena, kisha sauti inarekodiwa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Hatua ya muuguzi kusoma tena ndiyo watu hutaka kuiruka wakiwa na haraka, na ndiyo isiyofaa kurukwa. Chukua maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtafsiri akisahau neno «kidogo», mama atachukua kijiko cha mezani, na chumvi ikizidi mtoto anaumia. Kipindupindu hakitoki kando ya Ziwa Kivu, kwa hiyo tangazo kama hilo linasomwa na kufuatwa kweli.

Sasa, kazi ikitaka siku nne, kengele inayolia ikibaki siku mbili inatangaza tu kwamba mmeshachelewa. Kiasi cha kengele hakifai kuchaguliwa kwa sababu tarakimu 5 ilikuwa imeandikwa pale programu ilipofunguliwa. Kinatokana na muda wa matayarisho. Siku nne za kazi, ongeza mbili kwa ajili ya umeme kukosekana au mtu kusafiri, zinakuwa sita, yaani matangazo 12. Kwa hesabu hiyo kengele ingelia Jumanne ya juma lililotangulia, asubuhi. Kazi ingeanza Jumanne na kuisha Ijumaa, na mhariri angepanda boti yake akiwa na mstari mpya. Badala yake ilianza Jumatatu ya ukimya, na tangazo la kwanza likatoka Alhamisi jioni.

Kuna kosa jingine ambalo tarakimu 12 peke yake haiwezi kuliponya. Kengele nyingi zinahesabu matangazo, hazitazami tarehe zake. Redio ikitayarisha matangazo mengi ya siku ya kunawa mikono, ile ya tarehe 15 Oktoba, na kuyaweka mapema, mstari utaonekana umejaa hata kama kesho hakuna kitu. Kinachotakiwa kuulizwa ni hiki: siku ya kwanza isiyo na tangazo iko mbali kiasi gani? Programu isiyoweza kujibu isaidiwe na karatasi ukutani, yenye tarehe na alama. Karatasi haihitaji mega.

Vilevile kengele hii haisikii mstari uliokwama. Kama matangazo yanatolewa na kompyuta iliyomo ndani ya redio, na umeme umekatika, hakuna linalotoka, na kwa hiyo hakuna linalopungua. Mstari unabaki umejaa, kengele inakaa kimya, wasikilizaji hawapati kitu. Dawa yake ni mtu mmoja anayefungua ukurasa kila asubuhi kwa simu yake mwenyewe, kama msikilizaji wa kawaida, aone kama la saa kumi na mbili lipo.

Ujumbe wenyewe uende kwa watu wawili, na uende kwa esemesi. Barua pepe Goma inangoja mpaka mtu anunue uniti za intaneti, lakini esemesi inafika hata kwenye simu ya vitufe. Huyo wa pili asiwe bosi anayepokea nakala tu; awe mtu mwenye ruhusa ya kuingia na kujaza.

Lipo jambo ambalo baadhi ya watangazaji hawakubaliani nalo. Wanasema mstari ujazwe mwezi mzima, kengele isilie kabisa. Wanasahau Februari 2025. Makambi ya wahami kuzunguka Goma yalitupika katika siku chache, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Tangazo lililopangwa majuma mawili kabla, likiita familia zije na bidoni kwenye kambi fulani siku fulani, lingetoka tu kwa saa yake kama limewekwa kwenye mitambo ya mbali, hata kama Goma hakuna intaneti ya kulizuia. Mama angetembea na watoto mpaka mahali pasipo na mtu.

Kwa hiyo yenye mahali na tarehe, kama maji, mgao au barabara, yasiingie mstarini hata kidogo. Yaandikwe siku ile ile na mtu aliyethibitisha. Mstari ubebe yale yasiyooza: dalili za kipindupindu, kiasi cha dawa ya maji, chanjo, namna ya kumtafuta mtoto aliyepotea. Na kengele inapolia, mtu asiishie kuongeza mapya chini. Asome pia yale yaliyobaki juu, moja moja, aondoe ambalo limepitwa.

Redio ile imekwisha kubadili kengele yake kuwa 12. Esemesi ya pili inakwenda kwa kijana fundi wa mitambo, ambaye bado hajapewa neno la siri la kuingilia.